Shukrani za Miaka Kumi ya Jarida: Namna ya Kuwashukuru Wapitiaji na Mhariri Bila ya Kufichua Siri

Jarida dogo la kitaaluma linapotimiza miaka kumi, jambo la mwanzo linalozungumzwa kwenye kikao cha bodi ni ukurasa wa shukrani, na kwa niliyoyaona, ukurasa huo ndio unaoharibika mwanzo. Majarida yetu mengi hupitisha makala kwa utaratibu ambao mwandishi hamjui aliyeipitia makala yake, wala aliyeipitia hamjui aliyeiandika. Wapitiaji walikubali kutusomea bila ya malipo kwa ahadi hiyo, na sasa tunataka kuwataja hadharani watu wale wale tuliowaahidi kuwa hatutawataja. Penye watafiti wengi waliotawanyika huenda kosa likapita bila ya kujulikana. Hapa Unguja, mwandishi ambaye makala yake ilikataliwa na mpitiaji aliyependekeza ikataliwe huenda wanapanda daladala moja ya Tunguu asubuhi, na jioni wakanywa kahawa kwenye baraza moja.

Mwongozo huu unaeleza tulivyoifanya kazi hiyo katika jarida letu la lugha na utamaduni, ambalo hutoka mara mbili kwa mwaka na makala kama tano katika kila toleo. Mimi nilikuwa katibu wa bodi. Tulianza miezi minne kabla ya toleo la kumbukumbu, na ningekuwa na hiari ningeanza miezi mitano kabla, kwa sababu Ramadhani iliangukia katikati na majibu ya barua yakapungua.

Amueni kwanza nani anamshukuru nani

Kwa kawaida mhariri ndiye anayewashukuru wapitiaji, kwani yeye ndiye aliyewaomba na yeye ndiye anayewajua. Lakini katika maadhimisho mhariri mwenyewe anastahiki shukrani, na hawezi kuiandika barua ya kujishukuru. Kwa hiyo tuligawa kazi mara tatu. Mhariri alitia saini barua zote za wapitiaji, mwenyekiti wa bodi aliandika shukrani za mhariri, na mimi nilishughulikia orodha. Mgawanyo huu si wa adabu tu. Orodha ya wapitiaji ikiwa pamoja na vichwa vya makala walizozipitia ni siri, na watu wanaoiona wawe wachache iwezekanavyo. Kwetu tulikuwa wawili.

Mwenyekiti wetu, ambaye ni mtu wa heshima na hakuwa na nia mbaya, aliniomba faili la orodha hiyo ili achague mifano ya kutia kwenye hotuba yake.

"Mwenyekiti, humo mna makala zako mbili, na majina ya waliozisoma," nilimwambia.

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Basi lifunge."

Wajumbe wa bodi ya jarida dogo karibu wote wamewahi kuandika humo, na ndiyo maana katibu anapaswa kuwa mtu ambaye hajachapisha katika jarida, au awe amekubali kuwa mistari inayohusu makala zake iondolewe na mhariri kabla hajakabidhiwa faili.

Kuipata orodha

Majarida mengi madogo hutumia Open Journal Systems, maarufu kwa jina la OJS, kwa kuwa programu hiyo ni ya bure. Ikiwa lenu limo humo, mhariri au msimamizi wa jarida aingie `Statistics`, kisha `Reports`, halafu achague `Review Report`. Programu itatoa faili la CSV linalofunguka kwenye jedwali la kompyuta, ambamo kila mstari ni ombi moja la kupitia makala moja. Mtu mmoja aliyeombwa mara sita ataonekana katika mistari sita.

Faili letu lilikuwa na mistari 412. Msidanganyike na wingi huo. Safu ya `Declined` inaonesha waliokataa ombi, na kwetu walikuwa 97. Safu ya `Date Completed` inaonesha tarehe ambayo ripoti ya mapitio ilirejeshwa, na pale ilipokuwa tupu ingawa mtu hakukataa, maana yake hakujibu kabisa au alikubali kisha asirejeshe kitu. Hao walikuwa 61. Tulibakiwa na ripoti 254 zilizorejeshwa. Kanuni tuliyoifuata ni nyepesi: aliyerejesha ripoti anashukuriwa, ikiwa ripoti ilikuwa ndefu au fupi, ikiwa ilikuja kwa wakati au ilichelewa, na ikiwa mhariri aliufuata ushauri wake au hakuufuata. Mkianza kupima ubora wa ripoti za miaka kumi, hamtamaliza, na mtagombana.

Safu moja katika ripoti hiyo ilitutia aibu. Inaitwa `Date Acknowledged`, na hujazwa pale mhariri anapobonyeza `Thank Reviewer` baada ya kupokea ripoti. Kati ya ripoti zetu 254, seli 60 zilikuwa tupu. Seli tupu haithibitishi kwamba mtu hakushukuriwa, kwa sababu mhariri huenda alimwandikia kwa baruapepe ya kawaida au alimshukuru walipokutana. Hata hivyo tulipomuuliza mhariri juu ya majina hayo, kwa zaidi ya nusu yao hakukumbuka kuwa alipata kuwaandikia chochote. Niliziwekea alama, kwa sababu barua za watu hao hazikuweza kuanza kama za wengine.

Kosa letu kubwa, hata hivyo, halikuwamo ndani ya faili. Tulianza kutumia programu hiyo mwaka wa tatu. Miaka miwili ya mwanzo makala zilipelekwa kwa baruapepe, na nyingine zilichapwa na kupelekwa kwa mkono. Rasimu yangu ya kwanza ya orodha iliwaacha watu wote waliotusaidia wakati jarida halina hata toleo la kuoneshea watu. Mhariri alipoisoma alikwenda kabatini akatoa daftari la jalada gumu, ambamo alikuwa akiandika kwa wino kila makala imekwenda kwa nani na imerudi lini. Humo tulipata ripoti nyingine 38, na jumla ikawa 292. Kwa hiyo kabla ya kuiamini ripoti ya kompyuta, tazameni tarehe ya mstari wake wa mwanzo na mlinganishe na tarehe ya toleo la kwanza la jarida.

Majina yetu na jedwali

Hapa ndipo kazi ilipochukua muda mrefu zaidi. Kwa desturi ya Zanzibar mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na hakuna jina la ukoo ambalo lazima liandikwe. Programu ina nafasi mbili za jina, `Given Name` na `Family Name`, basi mmoja hutia jina lake pekee mahali pa kwanza na mawili mahali pa pili, mwengine hufanya kinyume chake, na yule yule aliyejisajili mara mbili huandika Khamis mwaka mmoja na Hamisi mwaka mwengine. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa watu watatu au mtu mmoja. Na upande wa pili, tuseme Juma Ali Khamis, wanaweza kuwa wawili walio hai, wote wana shahada ya uzamivu, na wote wanafundisha.

Kwa hiyo msilinganishe kwa majina. Linganisheni kwa anwani ya baruapepe kwanza. Ikiwa anwani zimo kwenye safu ya F, fomyula hii itahesabu mara ngapi anwani iliyopo katika mstari wa pili imejitokeza:

```
=COUNTIF(F:F,F2)
```

Ivuteni hadi mstari wa mwisho, kisha pangeni jedwali kwa safu hiyo ya F, na mtaona mistari ya mtu mmoja imekaa pamoja. Anwani nazo zina udhaifu wake, kwani mtu anapohama chuo huacha anwani ya zamani. Penye namba ya ORCID, ambayo ina tarakimu 16 na haibadiliki mtu anapohama, itumieni kuamua. Palipobaki shaka nilimuuliza mhariri, na mara mbili ilibidi apige simu. Baada ya wiki mbili maumbo 137 ya majina yaligeuka kuwa watu 118.

Ulizeni pia kila mtu anapenda jina lake liandikwe vipi, ila swali hilo liingie katika barua ya idhini ninayoieleza hapa chini, ili msimsumbue mara mbili. Kuhusu vyeo, ushauri wangu ni kuviacha kabisa katika orodha iliyochapishwa. Katika miaka kumi Bwana amekuwa Daktari na Daktari amekuwa Profesa, na mkikosea kimoja mtaombana radhi kwa mwaka mzima. Pangeni kwa alifabeti ya jina la kwanza, kama tunavyoitana, na mseme hivyo kwa sentensi moja juu ya orodha ili wenzetu wa nje wasijitafute chini ya jina la ukoo.

Kuomba idhini

Kunyamaza si kukubali. Hii ndiyo hatua ambayo majarida mengi huiruka, kwa kuamini kwamba hakuna mtu atakayechukia kushukuriwa. Wapo. Mtu anaweza kuwa amesoma makala ya bosi wake, au ya mwanafunzi wake wa zamani aliyemtambua kwa mtindo wa kuandika, na hataki kabisa ijulikane kuwa aliwahi kupitia lolote katika jarida lenu. Barua yetu ilikuwa fupi:

> KUH: IDHINI YA KUTAJA JINA LAKO KATIKA TOLEO LA MIAKA KUMI
>
> Kwa heshima, ninakujuilisha kwamba jarida letu linatimiza miaka kumi, na katika toleo la kumbukumbu tunakusudia kuchapisha orodha moja ya wote waliopitia makala tangu lilipoanza. Orodha itakuwa na majina matupu. Haitataja chuo, fani, mwaka, idadi ya makala, wala makala yoyote.
>
> Tunaomba utujuilishe kabla ya tarehe iliyotajwa hapa chini iwapo unakubali jina lako litajwe, na namna unavyopenda liandikwe. Usipojibu, jina lako halitatajwa. Kukataa kwako hakuhitaji maelezo, na barua yako binafsi ya shukrani utaipata kwa hali yoyote.

Tarehe tuliyoiweka ilikuwa baada ya wiki tatu, na tulikumbusha mara moja tu.

Zipelekeni barua hizi moja moja. Niliwahi kupokea barua ya namna hii kutoka kwa jarida jengine, na katika sehemu ya wapokeaji niliona anwani za watu zaidi ya arubaini, yaani orodha nzima ya wapitiaji wao ilikuwa imeshachapishwa kwa baruapepe na wao wenyewe hawajui. `Bcc` inaficha anwani, lakini kidole kikiteleza kwenda `Cc` hakuna wa kukirejesha. Kuunganisha barua na jedwali kwa `Mail Merge`, au hata kunakili na kubandika mara mia, ni salama zaidi. Wala msitumie tangazo la jumla la OJS kwa watu wote wenye nafasi ya `Reviewer`, kwa sababu mtu anaweza kuichagua nafasi hiyo mwenyewe anapojisajili, na mtajikuta mnawashukuru watu ambao hawajawahi kusoma ukurasa mmoja.

Barua zikirudi kwa kuwa anwani imekufa, mtafuteni mtu kupitia ofisi yake ya zamani, lakini mkiulizwa sababu semeni tu kwamba jarida linamtafuta. Mkisema anatafutwa kwa vile alitupitia makala, siri imeshatoka.

Kati ya watu wetu 118, watano walikuwa wamefariki. Tulizungumza na familia zao, na wote walifurahi. Tuliamua marehemu wawemo katika orodha ile ile ya alifabeti, na neno "marehemu" kabla ya jina, badala ya kuwatenga chini ya mstari. Barua 113 zilikwenda kwa walio hai. Walikubali 92, walikataa 6, na 15 hawakujibu.

Mtihani wa jina moja moja

Hata mtu akikubali, jarida bado lina jukumu la kumpima, kwa sababu yeye haoni orodha nzima wala hazijui makala nyingine zilizopokelewa. Chukueni kila jina mjiulize: mwandishi yeyote akiliona jina hili, je, kuna makala moja tu ambayo mtu huyu angeweza kuwa ameipitia?

Mfano mzuri ni lahaja. Watu wanaoweza kupitia makala juu ya Kikae cha Makunduchi kwa undani ni wachache mno. Jarida likipokea makala moja tu ya Kikae katika miaka yake kumi, likaikataa, kisha likachapisha orodha yenye jina la mtaalamu anayejulikana kwa Kikae pekee, mwandishi hahitaji kuambiwa zaidi. Kinyume chake, jarida likiwa limepokea makala nane za lahaja za Unguja, Tumbatu na Pemba, jina lile lile halielekezi popote. Ndiyo maana orodha ya miaka kumi ni salama kuliko ya mwaka mmoja, na ndiyo maana orodha zinazopangwa kwa fani au kwa toleo, ingawa zinapendeza macho, sizipendekezi kwa jarida dogo.

Kwetu majina matatu yalikwama katika mtihani huo. Mhariri aliwapigia simu wote watatu akawaeleza hatari bila ya kutaja makala wala mwandishi. Wawili walisema watajwe, mmoja alijitoa. Tukabaki na 91, na pamoja na marehemu watano, ambao wote walikuwa wamevuka mtihani, orodha ikawa ya watu 96.

Kwa sababu hiyo hiyo tulilikataa wazo la kumtangaza "mpitiaji bora wa miaka kumi". Anayepitia makala nyingi ni yule ambaye fani yake ina waandishi wengi na wasomaji wachache, kwa hiyo kutangaza idadi yake ni kumwonesha kidole.

Maneno ya kuchapishwa

Maneno ya ukurasa wenyewe yawe machache na yaseme kilichofanyika. Haya ndiyo yetu, baada ya kufuta rasimu mbili zilizojaa "mchango usiomithilika":

> Katika miaka kumi jarida hili limepokea ripoti 292 za mapitio kutoka kwa watu 118. Walisoma makala wasizozijua ni za nani, wakasahihisha hoja, wakaelekeza marejeo yaliyosahauliwa, na mara nyingine wakatwambia tusichapishe. Waliofuata hapa chini wameturuhusu kuwataja. Wengine wamependa wasitajwe au hatukuwapata, na shukrani hizi ni zao pia.

Sentensi ya "tusichapishe" ilipingwa na mjumbe mmoja aliyeona kwamba inawaudhi waliokataliwa. Iliachwa. Ripoti inayosema hapana ndiyo ngumu zaidi kuiandika, na ukurasa wa shukrani usioitaja unaeleza nusu ya kazi.

Barua binafsi, na kikadi pembeni

Wote walio hai walipata barua binafsi, pamoja na wale waliokataa kutajwa. Barua ina karatasi yenye kichwa cha jarida na namba ya ISSN, saini ya mhariri na muhuri, na inataja miaka aliyotusaidia pamoja na idadi ya ripoti zake. Kwa wale waliokuwa na seli tupu, mstari wa mwanzo ulikuwa wa kuomba radhi: "Tumetazama kumbukumbu zetu tukagundua kuwa ripoti yako tuliipokea na hatukukuandikia ahsante, na hilo ni kosa letu." Wawili kati yao walijibu siku hiyo hiyo, na mmoja alisema alikuwa ameshajua.

Barua isitaje kichwa cha makala yoyote. Wahadhiri huziambatanisha barua hizi wanapoomba kupandishwa daraja, na kwenye kamati itakayoisoma anaweza kukaa mwandishi wa makala hiyo hiyo. Lakini barua isiyotaja kitu inakuwa kavu, na hapo ndipo mhariri wetu alipokuja na wazo la kikadi. Ndani ya kila bahasha alitia kadi ndogo aliyoiandika kwa mkono, sentensi moja au mbili, juu ya jambo ambalo mpitiaji huyo alilifanya na yeye hajalisahau. Barua ni ya kuoneshwa, kadi ni ya kuwekwa. Aliandika kumi kwa siku baada ya Alfajiri, na ilimchukua siku kumi na mbili.

Za Pemba zilikwenda kwa boti, zimefungwa ndani ya bahasha moja kubwa kwa mkono wa msafiri tunayemwamini, na juu yake hapakuandikwa zaidi ya jina la aliyepokea Chake Chake.

Kumshukuru mhariri

Upande wa mhariri hauna siri, kwa kuwa jina lake limo kwenye jalada la ndani la kila toleo. Ugumu wake ni mwengine: kazi yake haionekani, na anayetaka kuisifu huishia kwenye sifa za tabia. "Mchapakazi, mvumilivu, mcha Mungu." Hizo zinamfaa mtu yeyote. Tafuteni alichokifanya.

Tuliwaomba waandishi watatu waliochapisha kwetu kila mmoja aandike nusu ukurasa juu ya jambo moja ambalo Maalim, kama tunavyomwita, aliifanyia makala yake. Yasomeni maandishi hayo kwa makini kabla ya kuyatumia, maana mwandishi mmoja alitia ndani yake "yule mpitiaji wa Dar es Salaam aliyenionea", akikisia tu, na tukalifuta.

Lililotufaa zaidi lilitoka kwa mwalimu wa skuli moja ya Micheweni, aliyeleta makala juu ya majina ya samaki kama wavuvi wa huko wanavyoyataja. Makala ilirudishwa kwake mara tatu. Alikuwa bado ameiweka nakala ya kwanza, na alituletea ukurasa mmoja. Hapakuwa na neno hata moja lililokatwa. Pembeni mwa kila jina la samaki palikuwa na maandishi madogo ya penseli: "Nani kakwambia? Alikuwa akivua kwa nini, mshipi au dema? Wanawake wanaouza nao wanaliita hivi?" Penye jina moja palikuwa na alama ya kuuliza peke yake, imekolezwa mara mbili. Bibi huyo aliandika kwamba alirudi pwani na ukurasa huo mfukoni, na kwamba jina lile lililotiwa alama kumbe lilikuwa la samaki wawili tofauti. Tuliupiga picha ukurasa huo tukauchapisha kwa idhini yake, na chini yake mwenyekiti aliandika aya mbili tu. Ukurasa ulisema mengi kuliko hotuba.

Jihadharini na wakati wa vitenzi. Mhariri wetu bado anaendelea, lakini rasimu ya kwanza ya mwenyekiti ilikuwa "aliliongoza", "alisimamia", "alijitolea", na ilisomeka kama risala ya kumuaga, au Mungu apishe mbali, kama tanzia. Tulibadilisha vitenzi kuwa "ameliongoza", "anasimamia", "anajitolea", na mtu akafufuka. Ikiwa mhariri anastaafu kweli, -li- ni sawa, na tarehe ya mwisho wake itajwe.

Ukurasa huu usipite mikononi mwake kama kurasa nyingine. Mpeni mjumbe mmoja auhariri na asimamie usahihishaji wa chapa ya majaribio, na mhariri mwenyewe ajulishwe tu kwamba kuna kurasa mbili ambazo hatozihariri. Kumficha kabisa hakuwezekani, kwani anahesabu kurasa.

Zawadi yetu ilikuwa matoleo yote 20, yamejalidiwa katika vitabu viwili, na migongo yake imeandikwa miaka kwa rangi ya dhahabu. Kabla ya kwenda kwa mjalidi hakikisheni mnayo matoleo yote. Toleo la nne halikuwepo ofisini wala maktaba, na nakala tuliyoipata ilitoka nyumbani kwa mwandishi mmoja, imetobolewa na mchwa pembeni.

Siku ya hafla

Tulifanya hafla baada ya Alasiri, kwa dua, kahawa, tende na haluwa, na iliisha kabla ya Magharibi. Kadi ya mwaliko ilikuwa ya namna moja kwa waandishi, wapitiaji na wasomaji, na haikutaja nani kaalikwa kwa nafasi gani. Hatari ya siku hiyo ni mshereheshaji. Mshereheshaji mchangamfu akiona watu wamepoa atasema, "Sasa tunawaomba wapitiaji wote wasimame tuwapigie makofi," na wale 6 waliokataa watabaki wamekaa wakitazamana, au watasimama kwa haya. Mwandikieni maneno ya kusema, na mmwambie waziwazi asiwasimamishe. Vyeti na barua vilevile havikutolewa jukwaani.

Baada ya toleo kutoka

Wiki ya pili alitupigia simu mtu aliyetupitia makala mwaka wa kwanza, ambaye hakuwa kwenye faili wala kwenye daftari. Alikuwa amempa mhariri maoni yake kwa mdomo, barabarani, Darajani. Mhariri alikumbuka. Tulimwandikia barua, tukamwomba idhini kama wengine, na jina lake lilichapishwa katika toleo lililofuata kwenye sehemu ya masahihisho, bila ya maelezo. Wekeni nafasi hiyo mapema, kwa kuwa atatokea mmoja.

Faili la CSV na jedwali nililolisafisha nililifuta kwenye kompyuta yangu na kwenye kisanduku changu cha baruapepe mbele ya mhariri. Nakala moja ya majina na majibu ya idhini, bila ya vichwa vya makala, ilitiwa ndani ya bahasha ikafungwa, na ikawekwa katika kabati lile lile lenye daftari la jalada gumu. Ufunguo anao yeye.